Bibi akirudi nyumbani na iodini yenye mionzi: barua kwa familia yake

*Shikamoo mama muuguzi. Mama yangu ana miaka 56 na ana rovu linalomfanya moyo uende mbio na mikono itetemeke. Jumanne ya wiki mbili zijazo, huko Dar es Salaam, atamezeshwa kidonge cha iodini yenye mionzi, kipimo chake milikyuri 15, kisha arudi nyumbani siku hiyohiyo. Tunaishi naye Morogoro katika vyumba viwili na choo kimoja cha shimo. Binti yetu wa miaka 2 hulala na bibi yake, na mke wangu ana mimba ya miezi minne. Jirani aliyetibiwa kansa kwa dawa hiyohiyo anasema tujihadhari siku chache tu, mwingine anasema godoro na vyombo vyake vichomwe moto. Tufanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Barua hii nakuandikia wewe, lakini naomba uisome mama akiwepo na mkeo akiwepo, kwa sababu kila mmoja ana sehemu yake na hakuna anayestahili kusikia habari hizi kwa minong'ono. Nimefurahi kwamba mmeuliza kabla ya kidonge kumezwa. Mna wiki mbili za kujipanga, na yapo mambo ambayo yakisubiri jioni ile mama anaposhuka kwenye basi huwa yamechelewa.

Tezi iliyo shingoni mwa mama hutumia iodini kutengeneza homoni zake, ileile inayotiwa kwenye chumvi na ambayo watu wamezoea kuiita madini joto. Ya kwenye chumvi haina mionzi. Tezi ya mama inafanya kazi kupita kiasi na ina njaa ya iodini, kwa hiyo tukimpa iodini 131, yenye mionzi, itaidaka bila kujua tofauti, kisha mionzi iunguze taratibu chembe za tezi kutoka ndani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na mionzi inayosafiri milimita moja au mbili tu ndani ya nyama na kuishia hapohapo. Hiyo haiwafikii ninyi. Ipo aina ya pili, iitwayo gama, ambayo hupenya na kutoka nje ya mwili, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike habari za umbali. Iodini ambayo tezi haikuidaka hutoka mwilini, nyingi kwa mkojo, kidogo kwa mate, jasho na choo kikubwa.

Kwa hiyo zipo hatari mbili, na naomba mzitenganishe. Ya kwanza ni mionzi inayotoka shingoni, ambayo dawa yake ni umbali na muda. Ya pili ni dawa yenyewe kutoka na mkojo au mate na kuingia kinywani mwa mtu mwingine, ambayo dawa yake ni maji na sabuni. Familia nyingi huzichanganya, na matokeo yake humwekea mgonjwa sahani kwenye kona kwa hofu kubwa, huku mtoto akiendelea kulala kifuani pake usiku kucha.

Nianze na shingo, kwa sababu ndiko iliko hatari kubwa zaidi kwa nyumba yenu. Mgonjwa aliyemeza milikyuri 15 tunampima kwa mashine akiwa mita moja kutoka kwetu, na siku ya kwanza mara nyingi tunasoma kati ya maikrosiveti 20 na 30 kwa saa, yaani kipimo cha mionzi inayoufikia mwili. Tuchukue 24 ili hesabu iwe nyepesi. Mionzi hii hupungua haraka mtu anaposogea: ukisimama mita mbili, zile 24 zinabaki 6, maana umbali ukiongezeka mara mbili mionzi hupungua mara nne. Hesabu hiyohiyo hurudi nyuma kwa anayesogea karibu, kwani kwa nusu mita zile 24 zinakuwa 96. Kikomo tunachokitumia kwa mtu wa kawaida asiyefanya kazi na mionzi ni maikrosiveti 1,000 kwa mwaka mzima. Sasa mfikirie binti yenu akilala saa 8 nusu mita kutoka shingoni mwa bibi: usiku mmoja ni karibu 770, na usiku wa pili umeshapita kikomo cha mwaka. Akiwa amejikunja kifuani, kama watoto wa miaka miwili walalavyo, usiku wa kwanza peke yake unatosha kukivuka. Lakini akiwa anacheza uani na bibi ameketi barazani mita tatu mbali naye, saa nzima haifikii hata maikrosiveti 3. Ndiyo maana sisemi mama afungiwe. Anaweza kukaa sebuleni, kuzungumza, kucheka na kuota jua. Kinachokatazwa ni kugandana kwa muda mrefu: kitanda kimoja, kupakata na kubeba mgongoni.

Muda nao una hesabu yake. Katika siku mbili za mwanzo kiwango hushuka kwa sababu iodini isiyodakwa inatoka na mkojo. Baada ya hapo ile iliyokaa kwenye tezi hupungua nusu kwa kila siku 5 au 6, kwa kuwa mionzi yenyewe hufa nusu kila siku 8 na tezi nayo huendelea kuitoa kidogokidogo. Zile 24 za siku ya kwanza huwa karibu 8 mwishoni mwa wiki, kisha 4 baada ya wiki mbili, na kufikia siku ya 20 ni kama 2. Kwa familia kama yenu naandika siku 21 za kutolala na mtoto wala mjamzito, na kukaa nao umbali wa mita mbili kila inapowezekana. Kwako wewe, mtu mzima, siku 7 za kujihadhari zinatosha.

Hapa ndipo jirani yenu wa kansa alipowachanganya, ingawa yeye hakudanganya. Mgonjwa wa kansa ya tezi hupewa dawa nyingi zaidi, pengine milikyuri 100, lakini kwa kawaida tezi yake imeshakatwa kwa upasuaji. Dawa haina pa kukaa, hivyo sehemu kubwa hutoka kwa mkojo ndani ya siku mbili, naye siku hizo huwa kwenye chumba maalumu hospitalini. Anaporudi nyumbani amebaki na kidogo. Mama yenu atapewa dawa ndogo, lakini ana tezi kubwa yenye njaa itakayoishikilia kwa wiki kadhaa, na siku za mwanzo zote atakuwa kwenu. Ndiyo maana mwenye dawa ndogo huambiwa ajihadhari na watoto kwa muda mrefu kuliko mwenye dawa nyingi. Msifuate kadi ya maelekezo aliyopewa jirani, fuateni ile atakayopewa mama, na kama siku zilizoandikwa humo zinatofautiana na zangu, shikeni za kwenye kadi, kwa sababu aliyeziandika atakuwa amempima mama mwenyewe.

Sasa vyumba. Mtoto inabidi ahamie chumbani kwenu, na nashauri ahame wiki hii badala ya kungoja Jumanne ile. Mtoto wa miaka miwili haelewi habari za mionzi. Anachoelewa ni kwamba bibi amemkataa, atalia mlangoni, na bibi hatavumilia. Mkimzoesha mapema kulala kwenu, usiku wa kwanza wa dawa hautakuwa usiku wa kwanza wa kutengana. Kama kuna shangazi au mama mdogo anayeweza kumchukua kwa siku 10 za mwanzo, hilo ni bora zaidi.

Jambo jingine ambalo watu hawalifikirii ni ukuta. Nendeni mkaangalie kitanda cha mama kimekaa wapi na chenu kimekaa wapi. Nimeona nyumba ambazo vitanda viwili vimegusa ukuta mmoja, kimoja huku na kingine kule, na mjamzito akawa analala chini ya mita moja kutoka shingoni mwa mgonjwa akidhani yuko chumba kingine. Ukuta wa tofali hupunguza mionzi hii lakini hauizuii yote, na ukuta wa mbao au pazia ni kama haupo. Sogezeni kitanda cha mama hadi ukuta wa upande wa pili, na mto wake uwe upande ulio mbali na chumba chenu.

Kuhusu mkeo nataka niwe wazi bila kumtisha. Mtoto aliye tumboni huanza kuwa na tezi inayodaka iodini kuanzia wiki ya 10 hadi ya 12, na iodini hupita kondo la nyuma. Mimba ya miezi minne imeshafika hapo, tezi ni ndogo mno, na kiasi kidogo cha dawa ndani yake ni kikubwa kwa ukubwa wake. Kwa hiyo yeye asioshe choo kwa siku hizo, asifue nguo za mama, wala asile masalio yake. Kazi hizo ni zako. Kumpita mama kwenye korido, kumpa chai mkononi, au kukaa naye sebuleni kila mmoja upande wake hakumdhuru.

Nije kwenye hatari ya pili, ambayo uzito wake uko hasa katika wiki ya kwanza, na zaidi ya yote katika siku mbili za mwanzo. Karatasi nyingi za maelekezo huandikwa "vuta maji mara mbili", na kwa miaka kadhaa nami niligawa karatasi hizo bila kufikiri, mpaka mzee mmoja aliponiuliza kwa upole atavuta maji gani wakati choo chake ni shimo. Tangu hapo nauliza kwanza choo kikoje. Choo cha shimo hakina ubaya wowote kwa dawa hii. Kilichoingia shimoni kimeingia, na kitakufa humohumo. Tatizo ni sakafu. Mkojo ukirukia saruji, mtu mwingine huukanyaga, kisha mtoto anayetambaa au anayeokota vitu sakafuni huupata nyumbani. Mama achuchumae karibu na tundu, na kila amalizapo amwage maji ya kutosha kuzunguka tundu hadi yote yaingie shimoni. Awe na kopo lake la kutawazia, lisiguswe na mtu mwingine kwa siku 7, na kandambili zibaki mlangoni mwa choo zisiingie ndani ya nyumba. Anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, si kwenye beseni la pamoja. Mtoto asitumie choo hicho wiki hiyo, apewe poti yake. Usiku mama atoke kwenda chooni. Ikibidi atumie ndoo kwa sababu ya usalama, iwe na mfuniko, aiweke mbali na kitanda, na amwage yeye mwenyewe.

Kama daktari hajamzuia kwa sababu ya moyo au figo, anywe maji kwa wingi siku mbili za mwanzo, lita 2 hadi 3 kwa siku, na asibane mkojo. Kila safari ya chooni inapunguza kilichomo, na pia inakilinda kibofu chake mwenyewe.

Kuna kosa moja katika usafi linalofanywa na watu wenye nia njema. Msimwage jiki wala asidi penye mkojo wake, na nguo zake zisilowekwe kwenye jiki. Mionzi si kijidudu na jiki haiiui, tena dawa za aina hiyo huweza kuigeuza iodini iliyotulia majini ikawa mvuke unaovutwa puani. Kuchemsha hakuiui, jua haliiui. Kinachosaidia ni kuisuuza iende zake na kuacha siku zipite. Kwa hiyo kanga, shuka na nguo za ndani za mama zifuliwe peke yake kwa sabuni ya kawaida, zisuuzwe mara mbili kwa maji mengi, kisha zianikwe kama siku zote. Maji ya kufulia yamwagwe chooni, si uani anapochezea mtoto.

Mate nayo tuyaangalie, kwa kuwa hapa mila zetu za upendo zinagusana na dawa. Bibi hutafuna kipande cha nyama akakilainisha ndipo akampa mjukuu. Hupuliza uji, akaonja kwa kijiko, kisha kijiko kilekile kikaingia kinywani mwa mtoto. Mpishi hudondoshea mchuzi kiganjani, akaulamba kupima chumvi, kisha mkono uleule ukarudi kwenye unga. Hayo yote yasimame kwa siku 7. Mama asikande unga wala asipike chakula cha familia wiki hiyo, na ninyi msile naye sinia moja. Awe na sahani, kikombe, kijiko na mswaki wake, vioshwe kwa sabuni mbali na vingine. Baada ya wiki vyombo hivyo vioshwe vizuri na kurudi kabatini na vyenzake.

Nilimhudumia bibi mmoja ambaye siku ya nne mjukuu wake alipata homa kali usiku, wazazi wakiwa safarini. Alimnyanyua, akambeba mgongoni hadi kwa jirani, kama dakika 20. Asubuhi alinipigia akilia kwamba amemuua mtoto. Tulimwita aje naye, tukamsafisha mikono mtoto na kumpima shingo kwa mashine, na hatukukuta dawa yoyote kwenye tezi yake. Kuhusu mionzi aliyoipata mgongoni tulikadiria kama maikrosiveti 50, yaani sehemu moja ya 20 ya kikomo cha mwaka. Nakueleza hili ili mjue kwamba kosa moja la dakika chache halimdhuru mtoto, na mtu akikosea aseme ili tupime, asifiche. Linalotupa shida ni mazoea ya kila usiku. Na kama mtoto ameshika ndoo au kopo la mama, mnawisheni kwa maji na sabuni, mbadilisheni nguo, kisha mpige namba ya kitengo iliyo kwenye kadi.

Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni saa kadhaa bega kwa bega na mtu usiyemjua, na huenda naye ni mjamzito au amempakata mtoto. Ukiweza kupata gari la ndugu, mama akae kiti cha nyuma upande wa pili wa dereva. Ikiwa ni basi, kateni tiketi za viti viwili kwa ajili yake, na wewe ukae kiti cha upande wa pili wa njia. Aende chooni kabla ya kupanda, na basi likisimama atumie choo cha stendi badala ya kuchimba dawa kando ya barabara. Awe na mfuko wa plastiki mkubwa tayari mkononi kwa ajili ya kutapika. Kutapika si kawaida, lakini akitapika katika saa za mwanzo matapishi hayo yana dawa nyingi kuliko kitu kingine chochote mtakachokutana nacho. Vaeni glavu, futeni kwa matambara, fungeni yote kwenye mifuko miwili, kisha mtupigie simu kabla ya kutupa. Mara nyingi tunawaambia mfuko uwekwe mahali pasipofikiwa na watu kwa siku 80, kwa kuwa baada ya muda huo mionzi iliyobaki ni kama sehemu moja ya 1,000.

Kadi hiyo mama akae nayo miezi mitatu. Vipo viwanja vya ndege na vituo vya mpakani vyenye mitambo inayohisi mionzi kidogo sana, na inaweza kulia kwa ajili yake hata baada ya hatari kwa watu kuisha kabisa. Muhimu zaidi, aionyeshe hospitali yoyote atakayofika. Katika wiki mbili za mwanzo tezi inayoungua inaweza kumwaga homoni zake kwenye damu, shingo ikauma kidogo au moyo ukaenda mbio zaidi kuliko awali. Akipata homa, moyo ukapiga kasi isiyotulia, akashindwa kupumua au akaanza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri simu yetu. Mshikeni, mbebeni, kaeni naye kwenye gari. Wakati huo habari za mita mbili ziacheni kabisa, isipokuwa mkeo na mtoto wabaki nyumbani.

Limebaki godoro. Kabla ya Jumanne ile mlifunike kwa plastiki chini ya shuka, ili jasho au mkojo usipenye, na mto wake vivyo hivyo. Wiki ikipita plastiki hiyo ioshwe kwa sabuni na maji. Msichome kitu. Moto hauiui iodini, huirusha hewani pamoja na moshi, na moshi huo ndio mtakaouvuta ninyi na majirani. Godoro ni la mama, atalilalia siku 21 peke yake, na usiku wa 22 mjukuu wake anaweza kurudi juu yake.

Wenu,
Muuguzi wa kitengo cha tiba ya nyuklia